Barua ya kusitisha mkataba wa uwakala wa ajira na kupinga ankara ya ada

Ofisi ya Meneja Rasilimali Watu na Utawala,
Ghala Kuu la Vyakula, Vingunguti,
Dar es Salaam.

12 Mei 2025

Mkurugenzi,
Wakala wa Ajira,
Kijitonyama,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUSITISHA MKATABA WA HUDUMA YA KUTAFUTIWA WATUMISHI, NA KUPINGA ANKARA YENU YA 6 MEI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa barua hii tunawapa taarifa ya siku 30 ya kusitisha mkataba wetu wa tarehe 1 Agosti 2022, kama kifungu cha 14 kinavyoruhusu kila upande kufanya. Mkataba utakoma rasmi tarehe 11 Juni 2025. Pia tunapinga ankara yenu ya Sh. 3,186,000 tuliyoipokea tarehe 6 Mei, pamoja na riba ya asilimia 2 kwa mwezi mliyoiongeza. Pingamizi hili limeletwa ndani ya siku 10 zilizowekwa na kifungu cha 9, na kifungu hichohicho kinasema riba haitozwi kwenye deni lenye mgogoro.

Ada mliyokubaliana nasi kwa nafasi ya Meneja wa Ghala ni asilimia 15 ya mshahara ghafi wa mwaka. Mshahara ulikuwa Sh. 3,000,000 kwa mwezi, sawa na Sh. 36,000,000 kwa mwaka, kwa hiyo ada ni Sh. 5,400,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, yaani Sh. 972,000, jumla inakuwa Sh. 6,372,000. Nusu yake, Sh. 3,186,000, tulilipa wiki aliyoanza kazi na risiti ya EFD tunayo. Hesabu zote humu ni kabla ya kodi ya zuio, ambayo hati yake mlishapewa. Nusu ya pili ilikuwa ilipwe baada ya siku 90 za dhamana, kama mtu angekuwa bado yupo kazini.

Hakuwepo. Alianza Jumatatu tarehe 3 Februari. Alhamisi jioni tarehe 13 Machi alileta barua ya kuacha kazi, na kesho yake akakabidhi funguo za vyumba vya baridi na daftari la mapokezi ya mzigo, akaondoka. Ni siku 40 tangu aanze. Ghala letu lilimaliza msimu wa Ramadhani na kuingia wa Pasaka bila meneja, na msimamizi wa zamu alilazimika kushika kazi mbili kwa wiki kadhaa.

Mnasema dhamana imekufa kwa sababu sisi ndio tuliobadilisha masharti ya kazi, kwa kumfanyisha kazi Jumapili. Hoja hii hatuikubali hata kidogo. Kuhesabu mali Jumapili ya mwisho ya kila mwezi kumeandikwa kwenye kifungu cha 6 cha mkataba wake wa ajira, na kwenye maelezo ya kazi tuliyowapa ninyi Novemba mwaka jana ili muyaonyeshe kwa kila mwombaji. Kwa muda wote aliokuwa nasi alifanya kazi Jumapili moja tu, tarehe 23 Februari. Siku hiyo alilipwa mara mbili, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inavyotaka kwa kazi ya siku ya mapumziko. Malipo hayo yanaonekana kwenye hati yake ya mshahara, ambayo ameridhia kwa maandishi muione.

Barua yake ya kuacha kazi haitaji Jumapili wala bosi wala mshahara. Inasema amepata kazi Mwanza, karibu na familia yake. Na jambo hili ninyi mlilijua mapema kuliko sisi. Katika baruapepe yenu ya tarehe 20 Machi, afisa wenu anayeshughulikia akaunti yetu aliandika: “Alitudokeza tangu Januari kwamba anasubiri majibu ya Mwanza, ila tuliona atabaki.” Sentensi hiyo ndiyo iliyotuumiza kuliko gharama yenyewe. Mngetuambia Januari, tungemwita mtu wa pili kwenye orodha, ambaye wakati ule alikuwa tayari kuanza. Kifungu cha 5 kinawataka mtueleze kila jambo mnalolijua linaloweza kumfanya mwombaji asidumu. Hamkutueleza.

Hata hivyo tuliwapa nafasi ya kurekebisha. Tarehe 17 Machi tuliomba kwa maandishi mtu wa kuziba nafasi, nanyi mlikuwa na siku 30, hadi tarehe 16 Aprili. Tarehe 9 Aprili mlileta wasifu wa watu watatu. Wa kwanza tulimsaili Desemba, kwa kuletwa na ninyi wenyewe, na tukawajulisha kwamba hatukumchukua. Wa pili alipopigiwa simu alisema ameshaajiriwa kwingine. Wa tatu ana uzoefu mzuri wa stoo ya vifaa vya ujenzi, lakini hajawahi kusimamia vyakula vya baridi, sharti lililokuwa la kwanza kabisa kwenye maelezo yetu. Baada ya hapo hamkuleta mwingine hadi muda ukaisha.

Kwa hali hiyo kinachotumika ni kifungu cha 11(c): mbadala asipopatikana, ada inahesabiwa kwa siku alizofanya kazi mtumishi kati ya zile 90. Siku 40 kati ya 90 za Sh. 5,400,000 ni Sh. 2,400,000. VAT yake ni Sh. 432,000, jumla Sh. 2,832,000. Hiyo tunaikubali yote, kwa sababu mtu mlimleta na kazi aliifanya, tena kwa siku alizokuwepo aliifanya vizuri. Tumeshalipa Sh. 3,186,000. Ninyi ndio mnaopaswa kuturudishia Sh. 354,000.

Tunaomba ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii mfute ankara ya 6 Mei kwa maandishi, mtoe ankara iliyosahihishwa, na mrejeshe kiasi hicho kwenye akaunti ileile iliyowalipa. Kama hamkubaliani na hesabu hii, tuko tayari kukutana ana kwa ana, mkurugenzi kwa mkurugenzi, kama kifungu cha 17 kinavyotaka. Ikishindikana hapo, kifungu hicho kinatupeleka kwa msuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi, Sura 15. Barua hii haiondoi haki yetu nyingine yoyote kimkataba au kisheria.

Kuhusu kazi zilizobaki: utafutaji wa mhasibu wa stoo usimame kuanzia leo, na msitume wasifu mpya. Wale watatu wa Aprili, tukimwajiri yeyote ndani ya miezi sita, tutawalipa ada yenu kama mkataba unavyosema. Nanyi tunawakumbusha sharti la kutowashawishi watumishi wetu kwa miezi 12 baada ya mkataba kukoma. Taarifa za waombaji na za mishahara yetu mlizo nazo zifutwe ifikapo tarehe 11 Juni, isipokuwa zile ambazo sheria inawataka mzitunze, na mtuthibitishie kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sisi na ninyi.

Watumishi wawili mliotuletea mwaka 2022 wako kazini hadi leo, mmoja sasa ni msimamizi wa zamu. Kwa hao tunawashukuru kwa dhati, na wakala mwingine akituuliza habari za kazi yenu ya wakati ule tutasema hivyohivyo.

Tumeambatisha nakala ya barua ya kuacha kazi, hati ya mshahara ya Februari, baruapepe ya 20 Machi, ombi letu la 17 Machi na risiti ya malipo. Tafadhali sainini nakala ya pili ya barua hii na kumpa tarishi aliyeileta.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

(Sahihi)
Meneja Rasilimali Watu na Utawala
kwa niaba ya Mkurugenzi Mtendaji

Nakala: Mhasibu Mkuu, Mwanasheria wa Kampuni