Mgao

Kaka mkubwa alikunjua karatasi mezani, akaiwekea kikombe kila pembe isijikunje. Vikombe vya wageni, ambavyo mama hakuwa akivitoa ovyo.

"Hapa ni pako, dada. Huku chini."

"Bondeni, maji yanakotuama."

"Ndivyo alivyosema marehemu baba."

"Alikuambia wewe peke yako?"

Kitinda mimba alikohoa tu. Yeye alishaahidiwa upande wa barabarani, na aliyeahidiwa huwa hana maneno mengi.

Mama aliendelea kukunja kanzu za mumewe. "Na mimi," akauliza bila kuinua macho, "mnanihamishia wapi?"

Kaka aliitazama karatasi. Nyumba haikuwamo.

Dada akaondoa kikombe kimoja. "Chora upya, kaka. Anza na nyumba ya mama."