Barua ya Kuomba Kufanya Mitihani Maalumu kwa Sababu ya Ugonjwa

Rehema Athumani Mbwana,
Namba ya usajili: 2023-04-98716,
Shahada ya Awali ya Kiswahili, mwaka wa pili,
Tandika, Dar es Salaam.

24 Julai, 2025

Mkurugenzi,
Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI),
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
S.L.P. 35110,
DAR ES SALAAM.

K.K.: Mkuu wa Idara.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUFANYA MITIHANI MAALUMU YA MUHULA WA PILI, 2024/2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba ruhusa ya kufanya mitihani maalumu katika masomo matatu ambayo sikuweza kuyamaliza kwa sababu ya ugonjwa: Fonolojia ya Kiswahili (Jumanne, 8 Julai), Nadharia za Fasihi (Alhamisi, 10 Julai) na Tafsiri (Jumatatu, 14 Julai). Mitihani miwili ya mwanzo, ya tarehe 1 na 3 Julai, niliifanya nikiwa mzima, na hiyo siiombei chochote.

Katika masomo hayo matatu, mawili sikukanyaga kabisa chumba cha mtihani, maana nilikuwa kitandani hospitali. La Fonolojia lina habari yake. Niliingia, nikasaini, nikaandika kwa muda usiofika saa moja, kisha nikatolewa. Nimelieleza wazi tangu hapa ili lisije likaonekana baadaye kana kwamba nilitaka kulificha ndani ya mengine.

Nina selimundu. Niligundulika nikiwa na miaka minne, na tangu hapo nahudhuria kliniki Muhimbili. Nilipokuwa kidato cha tano nilianza kutumia haidroksiyurea, na tangu nije chuoni maumivu yaliyonipata niliyamaliza mwenyewe kwa maji mengi, dawa za maumivu na kulala. Ndiyo maana katika jalada langu hapo Taasisi hakuna barua ya ugonjwa hata moja. Sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa mwenzangu wa chumbani, kwa sababu mtu akishajua, kila ukiinuka anakwambia kaa, na kila ukikaa anakuuliza kama umezidiwa.

Safari hii nilijiponza mwenyewe. Sikukuu ya Sabasaba niliitumia kusoma kutwa nzima hadi saa nane usiku. Maji nilikunywa kidogo makusudi, ili nisiwe nainuka kila mara kwenda msalani, na usiku ule ulikuwa wa baridi, nami nilikuwa nimekaa karibu na dirisha lililo wazi nisisinzie. Mgonjwa yeyote wa selimundu anajua kwamba uchovu, baridi na upungufu wa maji ndivyo vinavyoamsha maumivu. Mimi nalijua hilo tangu utotoni, na bado nilifanya. Saa kumi alfajiri mgongo na mapaja vilianza kuuma. Nilimeza dawa, nikajifariji kuwa yatapita kama siku zote, na saa mbili asubuhi nikawa nimekaa kwenye kiti changu chumba cha mtihani.

Swali la kwanza nilijibu lote. La pili lilihusu kanuni za kifonolojia, nami nikaanza na uyeyushaji, ile u ya mu- inavyogeuka w mbele ya irabu tukapata mwalimu na mwana. Ni kanuni ambayo naweza kuieleza usingizini. Niliandika mfano wa kwanza. Wa pili sikumbuki kama niliumaliza. Maumivu yalikuwa yamehamia kifuani na kila nikivuta pumzi ilikuwa kama mtu ananichoma kwa ndani. Msimamizi aliniona nimelaza kichwa mezani. Alinifuata, akaniuliza, akaandika taarifa kwenye fomu yake na kunitafutia mtu wa kunipeleka kituo cha afya cha chuo. Namshukuru sana, kwani mimi nilikuwa bado namwomba aniache dakika kumi tu.

Kituo cha afya walipopima oksijeni kwenye damu walikuta asilimia 88, wakanipa rufaa siku ileile kwenda Mwananyamala. Picha ya kifua ilionyesha kuwa mapafu yameathirika. Nililazwa siku tisa: nikawekewa oksijeni, dripu, mofini kwa maumivu, sindano za kuua bakteria, na chupa mbili za damu. Kaka zangu wawili walikwenda kuchangia damu. Nilitoka Alhamisi tarehe 17 Julai, na daktari ameandika nipumzike nyumbani hadi tarehe 31. Barua hii naiandikia kwa mama yangu, Tandika, kidogokidogo tangu juzi.

Naelewa kuwa ombi la namna hii linatakiwa lifike mapema, ikiwezekana kabla ya mtihani wenyewe. Mtihani wa tarehe 8 sikuwa na namna, kwani mambo yaliharibika nikiwa ndani ya chumba. Kwa ule wa tarehe 10, kaka yangu alimpigia kiongozi wa darasa letu asubuhi ileile, naye akapeleka taarifa kwa mdomo ofisi ya idara. Nakiri kuwa taarifa ya mdomo si barua. Lakini hadi tarehe 14 nilikuwa bado na mpira wa oksijeni puani, na mkono wa kulia ndio uliokuwa na dripu.

Sasa nirudi kwenye Fonolojia, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Wenzangu wameniambia kwamba aliyeingia na kusaini huhesabiwa kuwa amefanya mtihani, na kilichomo kwenye daftari lake ndicho kitakachosahihishwa. Ikiwa hivyo, nina swali moja na kipande cha jingine katika mtihani wa saa tatu. Hizo haziwezi kunivusha, hata alama zangu za kazi za muhula zikiongezwa. Nitaangukia sapu, na kwenye sapu hata ukipasua maswali yote unaishia kupewa C. Fonolojia ndilo somo ninalotaka kuliendeleza mbele ya safari. Kuwa na C pale, kwa sababu ya mapafu na si kwa sababu ya kutojua, ni jambo litakalonifuata hadi siku ya kuomba shahada ya umahiri.

Sababu ya kuwapo kwa utaratibu huo naiona. Mwanafunzi akiruhusiwa kuingia, kusoma maswali, kisha kutoka akidai anaumwa kila anapoona yamemshinda, mitihani haitakuwa na maana. Ila naomba Bodi ya Mitihani itazame mambo matatu katika shauri langu. Fomu ya msimamizi inaonyesha saa niliyotolewa na hali niliyokuwa nayo. Rufaa ya kituo cha afya ni ya asubuhi hiyohiyo, hivyo hakuna siku wala nusu siku iliyopita ambayo ningeweza kuitumia kutafuta cheti. La tatu ni daftari lenyewe. Naomba lifunguliwe, hata kama halitasahihishwa, na mwandiko wa ukurasa wa kwanza ulinganishwe na wa ukurasa wa nne. Aliyeshindwa na swali huwa anaandika vizuri mambo yasiyo sahihi. Mimi nadhani mistari yangu ya mwisho haisomeki kabisa.

Kwa hiyo naomba jaribio lile lifutwe, na mtihani nitakaoufanya uhesabiwe kuwa ndio wa kwanza, sawa na ile miwili mingine. Endapo Bodi itaamua vinginevyo kuhusu Fonolojia, naomba uamuzi huo usizuie mitihani miwili ambayo sikuingia kabisa.

Niko tayari kuifanya mitihani hii pamoja na ile ya sapu kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, kwa tarehe yoyote itakayopangwa, na hata yote mitatu ikiwa ndani ya wiki moja. Mama anapendelea niahirishe mwaka mzima. Nimezungumza naye na amenielewa, japo kwa shingo upande. Daktari hakuona sababu ya kuahirisha mwaka mradi nifuate masharti, nami ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo. Sitaki matokeo yangu yabaki nusunusu wakati orodha za mwaka wa tatu zinapangwa. Suala la mafunzo kwa vitendo, ambayo nayo yatachelewa kuanza, nitaliandikia barua yake.

Nina maombi mengine madogo ya siku ya mtihani, nayo hayagusi maswali wala muda: nikae mbali na kiyoyozi, niruhusiwe kuwa na chupa ya maji mezani isiyo na karatasi ya nje, na nikiinuka kwenda msalani nisindikizwe bila kuulizwa mara ya pili. Kwa mtu wa hali yangu maji ni sehemu ya dawa.

Na kama orodha ya wanaofanya mitihani maalumu itabandikwa ubaoni, naomba sana mbele ya namba yangu pasiandikwe jina la ugonjwa. Paandikwe "sababu za kiafya" na itoshe. Nimelitaja humu kwa kuwa ofisi inahitaji kulijua ili iamue. Darasa zima kulijua ni jambo ambalo ningependa nilitangaze mwenyewe, siku nitakayoona inafaa.

Nimeambatisha nakala za rufaa ya kituo cha afya ya tarehe 8 Julai, muhtasari wa kuruhusiwa hospitali wa tarehe 17 Julai wenye saini na mhuri wa daktari, cheti cha mapumziko hadi tarehe 31 Julai, kurasa mbili za kadi yangu ya kliniki, ratiba ya mitihani niliyoiwekea alama masomo yanayohusika, na nakala ya kitambulisho. Nakala halisi ninazo nyumbani na naweza kuzileta zikihitajika. Fomu ya msimamizi sina, ila naamini iko kwenye bahasha ya mtihani wa Fonolojia.

Barua hii italetwa ofisini kwa mkono na kaka yangu, naye ataomba nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa. Kwa jibu au wito wowote, napatikana kwa namba ya simu na barua pepe zilizo kwenye akaunti yangu ya ARIS. Ikilazimu nifike mbele ya kamati kabla ya tarehe 31, nitakuja. Naomba tu nijulishwe siku moja kabla ili nipate mtu wa kunisindikiza.

Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Wako mtiifu,

(saini)

Rehema Athumani Mbwana
2023-04-98716

Nakala: Mshauri wa Wanafunzi (bila viambatisho vya hospitali)