Narudi Kwetu Dodoma

Kwa wenzangu wote wa chumba cha dobi, hotelini, Maskati

Salamu enyi wenzangu, wa pasi na mashineni,
Leo nimo zamu yangu, ya mwisho humu dobini,
Kesho na mabegi yangu, naruka toka Omani,
Safari ni ya nyumbani, narudi kwetu Dodoma.

Mama wa kwetu Pangani, siku nilipoungua,
Kwa mvuke mkononi, wa kwanza ukatambua,
Ulinivuta bombani, maji ukayafungua,
Pasi ukaichukua, mpaka zamu kukoma.

Kwa mikono hiyo yako, nimejifunza kukunja,
Shuka la mpira kwako, pembe nne huwa moja,
Binti yangu niendako, shuka hilo lamngoja,
Fundi wewe ni mmoja, mkono wako wa mama.

Kaka wetu wa Mombasa, simu ilipoingia,
Baba kalazwa, na pesa, kwake hazikutimia,
Hukusema, "Siyo sasa," kambini ukapitia,
Riali zikaingia, baba yu hai, mzima.

Wa Kerala na wa Dhaka, lugha zao sizijui,
Sinia tukilishika, mkono hauchagui,
Na mchango wakaweka, baba hawamtambui,
Hayo mtu hanunui, Mungu awape neema.

Ijumaa tukipata, twaketi Matra pwani,
Jahazi zikitupita, kila mtu na nyumbani,
Dada wa Jinja hukata, tikiti toka kapuni,
Nami naimba kundini, nyimbo za kwetu za ngoma.

Mwaniuliza kwa nini, sikuongeza miaka,
Kwetu mvua, jueni, msimu mmoja mwaka,
Disemba niwe shambani, na jembe nimelishika,
Nikichelewa kufika, sina uwele, mtama.

Na hiyo akiba yangu, ni miche ya mizabibu,
Hombolo, kwa baba yangu, kwenye shamba la mababu,
Nguzo, waya na mafungu, ya mbolea, kwa hesabu,
Mwaka mmoja zabibu, mara mbili twazichuma!

Feni yangu nimeacha, kitandani pa mgeni,
Akija msije mwacha, peke yake mashineni,
Muamsheni kukicha, chai anywe nanyi chini,
Pasipoti, mwambieni, ashike yake daima.

Likizo mkiipata, msipite, karibuni,
Umeme unaivuta, treni itokayo pwani,
Morogoro ikipita, Kilosa kisha Gulweni,
Nitangoja kituoni, na binti yangu na mama.

Mtakula cha Wagogo, ugali wetu, mlenda,
Jumamosi kuna zogo, mnadani tutakwenda,
Nyama choma, si kidogo, mpewe mnayopenda,
Nyumbani kuna vitanda, maji safi ya kisima.

Kengele ya zamu hiyo, pasi nawakabidhini,
Na namba yangu mnayo, pwani mkiwa, pigeni,
Ninawapenda kwa moyo, nyote mlio dobini,
Mungu awape amani, mfike kwenu salama.

Wenu wa Hombolo, Dodoma