Mzigo wa kabla ya Idd uko stoo Mwanga: soma gredi kwanza, hela baadaye

Kigoma, Ujiji, Mwandiga, na nyie wa Kasulu na Uvinza mnaoulizia kila siku: mzigo wa mitumba umeingia. Tunauza Jumamosi tarehe 14 na Jumapili tarehe 15 Machi 2026, palepale stoo, nyuma ya soko la Mwanga, geti la bluu. Maelezo ni marefu, najua, lakini yasome hadi mwisho. Mtu akisoma bei tu akaruka mengine, ndiye anayekuja kugombana na vijana getini.

Kuna mzigo wa aina mbili, na msiuchanganye. Kuna mabelo tuliyoyafungua na kuyachambua wenyewe, haya tunauza kwa pisi. Na kuna mabelo yaliyofungwa kama yalivyotoka Dar, mikanda haijaguswa. Kwa yale ya kwanza muulize maswali yote, tutajibu, kila nguo imepita mikononi mwetu. Kwa yale ya pili tunajua kilo na tunajua lebo inasema nini, basi. Atakayekwambia anajua kilichomo ndani ya belo lililofungwa anakuuzia maneno.

TULIYOCHAMBUA

Magauni: tumefungua mabelo 3, tukahesabu pisi 520. Gredi ya kwanza zilitoka 170, gredi ya pili 230, gredi ya tatu 85, na 35 zilizobaki ni matambara, hizo haziuzwi kama nguo. Angalieni hesabu hiyo vizuri, maana belo zima liliandikwa gredi A huko lilikofungwa. Gredi A ya mfungaji si gredi ya kwanza ya kwetu. Yeye anapanga kwa haraka mezani, sisi tunainua kila gauni mlangoni kwenye mwanga wa jua.

Na kabla hamjauliza: ndiyo, kuna watu wametangulia. Katika zile 170, pisi 30 zimechukuliwa na wateja wawili wa butiki waliokuja tukiwa tunachambua, wakalipa. Kwa hiyo mtakuta 140. Picha ya kwanza tumeipiga baada ya wao kuondoka, hamtaona gauni pale ambalo halipo stoo.

Gredi ya kwanza (sh 8,000) kwetu maana yake: halina doa, halijachanika, zipu inapanda na kushuka, rangi haijapauka mabegani, vifungo vyote vipo. Linafuliwa, linapigwa pasi, linavaliwa Idd. Gredi ya pili (sh 4,000) lina kasoro moja ambayo fundi au sabuni inaimaliza. Picha ya 3 ni mfano: gauni la kijani, zuri sana, ila zipu ya mgongoni meno mawili yameng'oka usawa wa kiuno, ukiivuta inakwama hapohapo. Fundi akiibadilisha umepata gauni la gredi ya kwanza. Ukilivaa hivyohivyo litakuaibisha.

Gredi ya tatu (sh 1,500) msidanganyike na bei. Picha ya 4 tumeisogeza karibu makusudi: kwapa la njano kwenye kitambaa cheupe. Hilo doa ni la jasho na manukato, limekaa miaka, na mkilimwagia jiki ndiyo linazidi kukomaa. Gredi ya tatu ni ya nguo za shambani, za kulalia, au kwa mafundi wanaotaka kitambaa. Mafundi wa Ujiji wanaijua kazi yake, huwa wanachukua magauni mapana ya pamba wanashona nguo za watoto. Wewe unayetafuta la kutokea, lipite.

Nguo za watoto: mabelo 3 pia, umri miaka 2 hadi 10, ingawa chini ya miaka 4 ni nyingi zaidi. Gredi ya kwanza sh 4,000, ya pili 2,000, ya tatu 3 kwa sh 2,000. Watoto wanachafua kuliko wanavyochakaza, kwa hiyo gredi ya pili ya watoto mara nyingi ni doa la chakula kifuani au goti lililofifia, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote kwa mama mwenye watoto watatu. Ila kagueni lastiki za kiunoni. Vuta: ikirudi, sawa. Ikilia kama karatasi na kubaki imelegea, imekufa, na kuna suruali kadhaa za hivyo kwenye gredi ya pili ambazo kwa nje zinavutia.

Tisheti, belo 1: sh 5,000, 2,500 na 1,000. Jinsi, belo 1: sh 12,000, 7,000 na 3,000. Kwenye jinsi tunaangalia mapaja, pale yanaposuguana. Ingiza mkono ndani, inua kwenye mwanga. Ukiona vivuli vya vidole, kitambaa kimekwisha, hata kama mfukoni inang'aa kama mpya. Zote za namna hiyo tumezipeleka gredi ya tatu bila huruma. Za kiume saizi kubwa zipo nyingi, kiuno 36 kwenda juu. Kiuno 30 hadi 32 ni chache, vijana msije kwa makundi.

Mashuka, belo 1, hili lina habari yake. Safarini turubai la lori lilikuwa na tundu na kona moja ya belo ikalowa. Tulilifungua siku hiyohiyo, tukayaanika yote, tukayapanga upya. Mengi ni mazima. Yale ya kona ile yana alama ya maji, mstari wa kahawia kama ramani, na mengine yalishaanza vidoti vyeusi vya ukungu. Yenye alama ya maji ni sh 3,000, mazima ni sh 7,000, yenye ukungu hatuuzi. Msiniombe nipunguze niwape, harufu yake haitoki na itahamia kwenye nguo zenu nyingine.

Nguo za ndani hatuna na hatutakuwa nazo. TBS hawaruhusu za mtumba kuuzwa, na zikitokea ndani ya belo tunazichana. Acheni kunitumia ujumbe wa chemba.

MABELO YALIYOFUNGWA

Yapo 14, yote ya kilo 45. Watoto 5 (sh 520,000 kila moja), tisheti 4 (sh 430,000), jinsi 3 (sh 480,000), majaketi na sweta 2 (sh 350,000).

Tunapima mbele yako kabla hujalipa. Likipungua zaidi ya kilo moja, tunakata kwenye bei. Zaidi ya hapo hatuna dhamana. Mkanda ukishakatwa, belo ni lako, na hatulirudishi hata ukilikata palepale getini. Tunasema mapema ili tusitafutane.

Kwa mnaoanza biashara, pigeni hesabu ya pisi na msidanganywe na ukubwa wa furushi. Jinsi moja ya mtu mzima ina nusu kilo na zaidi, kwa hiyo kilo 45 zitakupa kama 80 hivi, pengine pungufu. Tisheti ni nyepesi, zinaweza kupita 220. Halafu toa matambara, toa zile za kuuza kwa hasara, ndipo uangalie kama sh 480,000 inarudi. Ukichukua hesabu ya magauni yetu hapo juu, theluthi tu ndiyo ilikuwa gredi ya kwanza. Belo lako linaweza kuwa bora kuliko hilo, linaweza kuwa baya zaidi.

Majaketi nayasema peke yake. Kwa mnaopeleka Kasulu na Kibondo kwenye baridi, sweta zinakwenda. Lakini belo la majaketi huwa na yale ya ngozi bandia, na ngozi bandia ikishakaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni. Hayo yatakuwepo, sijui mangapi. Ndiyo maana bei iko chini.

MUDA WA KUCHUKUA

Jumamosi saa 1 asubuhi hadi saa 4: mabelo yaliyofungwa tu, na waliokwishalipia. Mnaokwenda kupanda boti Kibirizi mtahudumiwa kwanza, andikeni tu neno BOTI kwenye oda yenu, maana boti haikusubiri na sisi tunalijua hilo. Wa rejareja msije saa hizo, mtakaa juani bure. Nguo za pisi zitakuwa bado zimefunikwa.

Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni: gredi ya kwanza na ya pili. Tunaingiza watu 15 kwa zamu, namba unachukua getini, na namba haitolewi kwa simu. Hakuna kuwekewa pembeni. Hata shangazi yangu ameshaambiwa. Saa 10 tunafunga ili kila mtu awahi kwake kuandaa futari, kwa hiyo ukifika saa 10 na dakika 5 utakuta kufuli.

Jumapili saa 7 mchana hadi saa 11 jioni: masalia ya gredi ya pili, gredi ya tatu yote, na mashuka. Asubuhi hatufungui, wengine wako kanisani na sisi tunapanga.

Ukilipia belo, lichukue kabla ya Jumatatu tarehe 16 saa 10 jioni. Stoo ni ya kupanga na mwenye geti anafunga saa 11. Kuanzia Jumanne ni sh 2,000 kwa siku kwa kila belo. Likifika Alhamisi saa 6 mchana bado lipo, tunamuuzia mwingine na tunakurudishia hela yako, tukitoa makato ya mtandao na siku za stoo. Ukipata dharura, piga kabla ya Jumatatu jioni, tutaelewana. Ukikaa kimya hatuna namna.

Usafiri ni wako. Guta zipo nje ya geti, bodaboda wanabeba belo moja moja, na kuli wa kupakia ni sh 1,000 kwa belo, unamlipa yeye mkononi.

Malipo: taslimu au lipa namba iliyobandikwa mlangoni. Hatupokei hela ya nguo za pisi kabla hujaziona. Kwa mabelo, malipo ya mbali yapo kwa mliokwisha kununua kwetu, na jina litakalotokea kwenye simu lazima liwe la duka. Likitokea jina la mtu binafsi, hata akisema ni mdogo wangu, usitume.

Oda za mabelo andika hapo chini aina na idadi, mfano "watoto 1, tisheti 1, BOTI". Tunajibu kwa mpangilio wa walivyoandika. Majaketi yamebaki 1, la pili limechukuliwa na mteja wa Kibondo wakati naandika hapa.

#mitumbakigoma #mwanga #ujiji #belo #iddelfitri