Barua ya kuomba kazi ya mtunza ghala

Yohana Masaka,
Kizota,
Dodoma.

3 Machi 2025

Mwenyekiti wa Bodi,
Chama cha Ushirika cha Msingi cha Wakulima,
Kibaigwa,
Wilaya ya Kongwa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MTUNZA GHALA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 29, mzaliwa wa Mpwapwa. Naomba nafasi ya mtunza ghala mliyoibandika kwenye ubao wa ofisi ya kata mwezi uliopita. Nina cheti cha ununuzi na ugavi nilichokipata mwaka 2017. Nimefanya kazi ya ghala kwa karibu miaka sita: mitatu hapo hapo Kibaigwa kwa mfanyabiashara wa mahindi, kuanzia 2018, na mingine tangu Mei 2022 kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kizota. Kazini kwangu sasa napokea mbegu, napima uzito na unyevu, naandika leja, na kila Ijumaa jioni nahesabu stoo yote kabla ya kufunga.

Tangazo lenu linamtaka mwombaji aeleze kwa ufupi tukio moja lililobadilisha namna anavyofanya kazi. Ningeweza kutafuta la kujisifia. Nimechagua hili kwa sababu mkiulizia habari zangu sokoni mtalisikia tu, na kwa sababu ndilo linaloeleza ile miezi 11 isiyo na kazi kwenye wasifu wangu.

Ilikuwa Mei 2021. Mahindi mapya yalikuwa bado machache, kila mtu ana haraka. Jioni moja fuso ilishusha gunia 120. Kipima unyevu kilisoma 16.8. Kiwango cha kuhifadhi hakitakiwi kuzidi 13.5, na nilikuwa nimekibandika ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Tajiri alikuwa safarini. Mwenye mzigo akaniambia, "Mdogo wangu, kesho tunaanika, wewe andika tu." Nikaandika 13.2. Sikupewa hata shilingi. Nilikuwa nimechoka, makuli walikuwa wananisubiri niwalipe, na sikutaka ugomvi.

Kesho yake yakaja magari mengine, na hakuna aliyeanika kitu. Siku ya tisa nilipitisha mkono katikati ya lundo nikakuta joto kama la chini ya kuku anayeatamia. Tulipofungua, gunia 37 zilikuwa zimeshikana mabonge, zina ukungu wa kijani.

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Kwa siku mbili nilisema kipimo ndicho kibovu. Siku ya tatu nikasikia kwamba kijana wa kibarua aliyekuwa akinichomea gunia kwa bambo kutoa sampuli atakatwa malipo yake ya wiki, kwamba hakuchoma vizuri. Nikaenda kwa tajiri nikamwambia kipimo kilisoma 16.8 na namba iliyo kwenye daftari ni ya kwangu. Nilifukuzwa siku hiyo hiyo, na mshahara wa mwezi ule sikuupata. Sikuonewa.

Zile 37 zilifukiwa. Zilizobaki, 83, zilianikwa upya zikauzwa, na hazikupimwa sumukuvu. Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nami mwaka uliofuata nilikuwa darasani nikifundishwa kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali. Nilijua, nikaandika 13.2.

Nilirudi nyumbani Mpwapwa nikalima na baba. Nyumbani hakuna kipimo cha betri, hivyo bwana shamba wa kata alituonyesha njia ya chupa: unatia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, unaacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai. Msimu ule tulianika mara tatu gunia ambazo mwanzoni baba aliapa zimekauka. (Baba hapendi nikilisimulia hili.)

Tangu hapo nina utaratibu mmoja ambao wakulima wanaoleta alizeti Kizota wanaujua, na wengine hawaupendi. Namba ninayoisoma naitamka kwa sauti mbele ya mwenye mzigo, naiandika naye akiangalia, halafu tunasaini wote wawili. Ikikosewa tunaikata kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke, na tunasaini tena pembeni. Juni mwaka jana nilirudisha trekta la alizeti la shemeji yake meneja wetu. Alinisema maneno ambayo siyaweki kwenye barua, akaenda kuanika siku mbili, akarudi, tukapokea. Meneja hajawahi kunigusia jambo hilo, na mimi sijamuuliza.

Naelewa kwamba ghala lenu linapokea mahindi ya wanachama, na msimu wa ufuta na dengu mnafanya kazi kwa stakabadhi ghalani. Kwa mfumo huo karatasi anayopewa mkulima ndiyo mali yake. Uzito na daraja nikiviandika vibaya, nimeingiza mkono mfukoni mwake. Lumbesa sitapokea. Gunia likizidi kilo 100 litafunguliwa na kujazwa upya, hata kama foleni imefika barabarani. Kwenye upangaji niko vizuri: chaga chini, nafasi ya kupita kati ya lundo na ukuta, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, na ukaguzi wa dumuzi bila kusubiri unga uanze kudondoka.

Nisichokijua nakisema mapema. Leja ya mkono na jedwali la kawaida kwenye kompyuta naviweza, ila mfumo wenu wa kuingiza taarifa za stakabadhi sijawahi kuutumia. Nitahitaji mtu wa kunielekeza wiki za mwanzo, na afadhali iwe kabla ya mavuno ya Mei, maana magari yakishaanza kushusha hakuna mwenye muda wa kufundishana.

Wadhamini wangu ni wawili. Wa kwanza ni meneja wa kiwanda nilipo sasa, ambaye anajua kwamba nimeandika maombi haya. Wa pili ni yule tajiri wa Kibaigwa. Nilimfuata mwezi uliopita kumwomba ruhusa ya kuweka namba yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Weka. Wakinipigia nitawaambia yote." Nilimjibu kwamba ndicho ninachokitaka.

Mkataba wangu unanitaka nitoe notisi ya mwezi mmoja, hivyo mkinihitaji naweza kuanza katikati ya Aprili. Kwa usaili nitafika siku yoyote mtakayonipangia. Kutoka Dodoma mjini nikipanda basi la alfajiri, saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu.

Nimeambatisha wasifu wangu, nakala ya cheti cha chuo na cha kidato cha nne, barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa, na nakala ya kurasa mbili za daftari langu la mapokezi la Juni mwaka jana, kwa ruhusa ya meneja. Majina ya wakulima nimeyafunika; namba na saini zangu nimeziacha, pamoja na mahali pawili nilipokosea nikakata.

Wako mtiifu,

Yohana Masaka