Yah: Kuacha kazi wodi ya wazazi na kwenda masomoni

Morogoro, Jumatatu 1 Septemba 2025

Kwa Matron, kupitia inchaji wa wodi ya wazazi
Nakala: ofisi ya utumishi, na ubao wa wodini ili wenzangu wasome

Mama Matron, shikamoo.

Naandika kukutaarifu rasmi kwamba naacha kazi na siku yangu ya mwisho itakuwa Jumanne 30 Septemba 2025. Sheria ya ajira inataka notisi ya siku 28, nimeongeza kidogo ili nimalize mwezi mzima maana najua rosta ikikatwa katikati anayeumia ni mtu wa naiti. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa ukunga na afya ya wanawake, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ni miaka miwili na ni ya kukaa darasani na wodini kule kule, kwahiyo haiwezekani nikashika shifti huku alafu nikasoma kule.

Ijumaa nilivyokuja ofisini kukwambia kwa mdomo ulinijibu, nenda kaandike mwanangu, ila usiniletee ile barua ya kukopi ya mistari mitatu, niandikie kama unavyoongea. Basi ndo hii.

Kwanza sababu, maana ulinambia watu wataniuliza kama nimechoka au kama kuna mtu kaniudhi. Hapana Mama. Kuchoka tunachoka wote, naiti nne mfululizo kina mama saba leba na wakunga wawili hakuna asiyechoka, lakini hiyo sio iliyonitoa. Iliyonitoa ni kanga.

Unaikumbuka ile naiti ya Aprili 2023, mvua ya masika imepiga tangu magharibi na umeme ukakatika. Tulikuwa na mama wa uzao wa tano, kajifungua vizuri, mtoto kalia hapo hapo, oksitosini yuniti 10 nimemchoma mwenyewe, kondo limetoka lote nimelikagua kwa tochi. Nikaangalia shuka nikaandika kwenye faili damu ml 300. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nikaenda kitanda cha pili kuna mama alikuwa anasukuma. Haikufika nusu saa Mama Asha mhudumu wetu akaenda kumbadilisha yule mama kanga, akaniita, hakupiga kelele, akaniita tu taratibu, "Sista, hii kanga nzito." Alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Nikaipokea na uzito wake nausikia mpaka leo mikononi, ilikuwa kanga nyekundu ya maua meusi ndo maana jicho halikuona chochote, damu imejificha kwenye rangi. Nikaweka mkono tumboni kizazi kimelegea kama unga uliozidi maji.

Yaliyofuata mnayajua wote mliokuwepo. Sista Upendo aliminya kile kizazi kwa mikono miwili, mmoja ndani mmoja juu ya tumbo, hakuachia mpaka mkono ukafa ganzi na bado akagoma kupokelewa, kanula mbili kubwa, mpira wa mkojo, oksitosini kwenye dripu, traneksamiki asidi gramu 1, daktari wa zamu kaja na ndala miguuni kalowa chapachapa, na yule kijana wa maabara kakimbia na chupa mbili za damu kwenye mvua kaziweka ndani ya shati lake. Mama akapona. Asubuhi kabla ya kukabidhi ripoti nikachukua ile kanga na shuka nikaviweka kwenye mzani wa watoto, nikapima na kanga kavu na shuka kavu nikatoa, ikabaki zaidi ya kilo 1. Gramu 1 ya damu ni karibu sawa na ml 1, kwahiyo mimi niliyeandika 300 nilikuwa na zaidi ya lita nzima mbele yangu na sikuiona. Tunafundishwa ml 500 tayari ni kutokwa damu kupita kiasi, na nilivyoandika ile 300 nilikuwa nimemaliza miaka minne kwenye hiyo wodi, sio mgeni.

Nilikuja kwako nikakwambia, na wewe hukunikaripia. Ulinipa kiti, ukaniuliza swali moja tu, unadhani ni wewe peke yako? Mama hilo swali ndo limenipeleka chuo. Nikaanza kusoma, nikakuta kwamba makadirio ya macho yanadanganya wakunga na madaktari dunia nzima na karibu mara zote damu ikiwa nyingi yanapunguza. Alafu mwaka huo huo 2023 yakatoka majibu ya ule utafiti mkubwa wa hospitali 80 za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ambapo mama anatandikiwa plastiki yenye mfuko wa vipimo chini yake, na damu ikifika kiwango cha hatari anapewa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja moja kwa kusubiriana. Kutokwa damu kubaya na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Asilimia 60 Mama. Nilisoma nikarudia nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Ila zile plastiki kwetu zinakuja zinaisha, na kule zahanati wanakotoka rufaa zetu mama anajifungulia juu ya kanga zake mwenyewe alizokuja nazo. Kwahiyo ninachotaka kwenda kukisoma na kukifanyia utafiti ni hicho, mkunga aliye peke yake usiku, ana kanga na mzani wa watoto basi, tumfundishe nini ili asiandike 300 kwenye lita nzima. Sijui majibu nitayapata yote ndani ya miaka miwili lakini siwezi tena kukaa na hilo swali bila kulifanyia kazi.

Nilifikiria pia kuomba likizo ya masomo, utumishi wakanieleza kwa upole kwamba hospitali yetu kwa sasa haina uwezo wa kushikilia nafasi ya mtu miaka miwili bila kuijaza, na nikijiweka upande wenu naelewa, nafasi ikae wazi huku nyie mnabeba shifti yangu haingekuwa haki. Ndo maana nimechagua kuacha kabisa ili muweze kuajiri.

Sasa makabidhiano. Funguo za kabati la pethidini na daftari lake nitamkabidhi Sista Upendo mbele ya inchaji tarehe 26, tuhesabu ampuli moja moja na tusaini wote watatu. Trei ya dharura ya kifafa cha mimba nimeshaipanga upya, magnesiamu salfeti ya dozi ya kuanzia ya gramu 14 iko kwenye boksi moja na mabomba yake, na ile karatasi ya kuchanganya nimeiandika kwa kalamu nene nikaibandika ndani ya mfuniko maana usiku macho yanachoka. Friji ya oksitosini isomwe joto asubuhi na jioni isitoke nyuzi 2 mpaka 8, na mlango wake msiuamini, usukume mpaka usikie umebana. Ambu bagi za watoto ziko mbili, maski namba 0 na namba 1, baada ya kuoshwa zirudi palepale juu ya meza ya joto zisifungiwe stoo, dakika ya kwanza ya mtoto asiyelia sio dakika ya kutafuta funguo. Kufundisha patografu kwa wanafunzi kila Alhamisi, Bro Juma kakubali kuchukua, anawaelewesha vizuri kuliko hata mimi ana subira.

Ya utumishi ni machache. Nina siku 11 za likizo ambazo sijachukua naomba zilipwe badala ya kuchukuliwa, maana mwezi huu wote nataka niwepo kazini. Naomba pia cheti changu cha utumishi na fomu za mfuko wa jamii kabla sijaondoka, na hela ya mwisho iingie akaunti ile ile. Kitambulisho na magauni mawili ya hospitali nitarudisha yamefuliwa.

Na nyie wenzangu mnaosoma hapa ubaoni.

Mama Asha, wewe ndo ulinifundisha kuweka kanga mbili chini ya taa ya joto kabla mtoto hajatoka, ya kwanza ya kumkausha, ya pili ya kumfunika, ukaniambia ile iliyolowa itupe pembeni usimfunikie mtoto baridi. Nilitoka chuo na cheti na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga lakini hilo la kuandaa kanga mapema nimelipata kwako mwaka 2019 wiki yangu ya kwanza. Na ile ya 2023, kama ungekuwa mtu wa kusema hilo sio jukumu langu mimi ni mhudumu tu, yule mama asingekuwepo leo. Sijawahi kukushukuru mbele za watu kwahiyo nakushukuru hapa wote wasome.

Upendo mdogo wangu, umenibebea shifti ngapi kipindi mama yangu anaumwa sizihesabu, na wala hukuwahi kunikumbusha. Ukichoka pumzika, usiwe unakataa offu zako.

Wa kikoba, ule mkopo mlionipa wa ada ya kuanzia nimebakiza laki mbili, namalizia na mshahara wa mwisho, na mchezo nilishapokea zamu yangu mwezi wa sita kwahiyo elfu hamsini yangu itaendelea kuja kwa simu kila tarehe 28 mpaka wa mwisho apokee Desemba. Mhasibu naomba uniache kwenye grupu la wasap mpaka hapo.

Mama Matron, nina ombi moja. Nikifika mwaka wa pili ntahitaji sehemu ya kufanyia utafiti wangu, na nikipata kibali cha chuo na cha kamati ya maadili ningependa nije kuomba kufanyia kwetu, kwenye wodi hii hii na mzani ule ule. Nitaleta barua kwa utaratibu kama mtu mwingine yeyote.

Asante kwa lile swali na kwa kiti.

Jumatano hii niko naiti, nitakuta ripoti saa moja na nusu jioni kama kawaida.

Ni mimi mwanao,
Rehema
Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi