Somo la Al: Herufi za Jua na za Mwezi katika Kusoma na Kunakili

Darasa la jioni la watu wazima, Bombo. Leteni daftari na kalamu ya risasi. Kalamu ya wino tutaishika baadaye.

Neno la Kiarabu linapotajwa kuwa ni kitu maalumu kinachojulikana, hutanguliwa na alifu na lamu: بَيْتٌ ni nyumba yoyote, الْبَيْتُ ni ile nyumba tunayoijua. Angalieni pia kwamba tanwini imeondoka mwishoni, kwa sababu tanwini na al havikai pamoja katika neno moja. Wanaozungumza Kinubi nyumbani waizingatie nafasi ya al kwa namna ya pekee, maana katika Kinubi alama ya kazi hiyo hufuata jina, lakini katika Kiarabu cha kitabuni hutangulia na kushikamana nalo.

Lamu hiyo huandikwa siku zote, lakini haisomwi siku zote. Ikifuatwa na herufi ya mwezi, hutamkwa wazi: الْقَمَرُ, al-qamaru, mwezi. Ikifuatwa na herufi ya jua, sauti yake humezwa na herufi hiyo, nayo herufi hiyo hutamkwa kwa mkazo wa mara mbili: الشَّمْسُ, ash-shamsu, jua. Makundi haya mawili yamepewa majina yao kutokana na maneno hayo mawili. Herufi za jua ni 14:

ت ث د ذ ر ز س ش ص ض ط ظ ل ن

Na 14 zilizobaki ni za mwezi:

ا ب ج ح خ ع غ ف ق ك م ه و ي

Sababu imo mdomoni. Lamu hutamkwa kwa ncha ya ulimi karibu na ufizi wa meno ya juu, na herufi nyingi za jua hutoka hapo hapo au jirani yake, kwa hiyo ulimi hauna haja ya kugusa mara mbili mahali pale pale kwa sauti mbili tofauti. Herufi za mwezi hutoka mbali zaidi: midomoni kama ba na mimu, kooni kama ha na aini, au nyuma ya ulimi kama qafu na kafu. Hata hivyo msiutegemee ulimi peke yake. Shini, jimu na ya hutoka pamoja katikati ya ulimi, lakini kati ya hizo tatu ni shini tu iliyo ya jua. Soma al-jumu'atu, usiivunje lamu mbele ya jimu.

Mnaijua kanuni hii tayari, ingawa hamkufundishwa. Mnaposema alfajiri, alasiri na Alhamisi mnaitamka lamu, kwa kuwa fa, aini na kha ni za mwezi. Mnaposema asubuhi na adhuhuri lamu haisikiki, kwa kuwa maneno hayo ni الصُّبْح na الظُّهْر, yenye swadi na dha, ambazo ni za jua. Kiswahili kiliyachukua maneno hayo kama yalivyosikika, ila hakikubeba ule mkazo. Hapo ndugu zetu wanaosema Luganda wana faida kubwa: anayetamka ssente na eddagala kama inavyotakiwa anajua tayari kushikilia konsonanti kabla ya kuiachia, na shada haimtaki zaidi ya hapo. Watusaidie sisi wengine.

Kusoma

Someni kwa sauti, mmoja mmoja, kwanza polepole:

الْكِتَابُ – الْقَلَمُ – الْمَاءُ – الْبَابُ – الْمَوْزُ – الْيَوْمُ

السَّمَكُ – النَّهْرُ – الرَّجُلُ – الدَّرْسُ – الشَّايُ – الطَّرِيقُ – اللَّبَنُ

Mstari wa kwanza ni wa mwezi: lamu ina sukuni, nayo ni ishara ya kuisoma. Mstari wa pili ni wa jua: lamu haina alama yoyote juu yake, na shada imekaa kwenye herufi inayofuata. Jicho lifundishwe kuitafuta shada kabla ulimi haujaanza.

Neno likitanguliwa na jingine, alifu nayo hunyamaza, na sauti ya mwisho ya neno la kwanza hurukia moja kwa moja kwenye shada au kwenye lamu. Hakuna mahali pazuri pa kulizoea hili kuliko mwanzo wa sura ya 91:

وَالشَّمْسِ – وَالْقَمَرِ – وَالنَّهَارِ – وَاللَّيْلِ – وَالسَّمَاءِ – وَالْأَرْضِ

Washshamsi, walqamari, wannahari, wallayli, wassamai, wal'ardhi. Maneno haya sita yanafungua aya sita za kwanza, manne ya jua na mawili ya mwezi. Katika msahafu mtaliona la nne limeandikwa kwa lamu moja yenye shada, وَالَّيْلِ. Huo ni mwandiko wa msahafu, na usomaji haubadiliki.

Tahadhari moja: kanuni ni ya lamu ya al tu. Katika أَلْسِنَةٌ, ndimi, lamu imetangulia sini, lakini ni lamu ya asili ya neno, basi husomwa alsinatun.

Kunakili

Hapa ndipo penye makosa mengi, nayo karibu yote yana chanzo kimoja: mwanafunzi huandika alichosikia. Akisikia ash-shamsu, huandika alifu na kuingia kwenye shini, na lamu ikapotea. Mkono hauruhusiwi kuifuta lamu kwa sababu ulimi umeiacha. Kwa hiyo nakili kwa kutazama, kisha soma ulichoandika, wala usinakili kwa kusikiliza.

Utaratibu wetu ni huu. Chora kwanza umbo tupu la neno bila nukta: alifu inasimama peke yake kwa kuwa haiungi upande wa kushoto, kisha lamu inaungana na herufi inayofuata. Weka nukta. Simama ujiulize, jua au mwezi? Ikiwa ni mwezi, weka sukuni juu ya lamu. Ikiwa ni jua, iache lamu tupu na uweke shada juu ya herufi inayoifuata. Irabu ndizo za mwisho. Katika baadhi ya vitabu kasra ya herufi yenye shada hupigwa chini ya shada yenyewe, juu ya herufi, na msomaji mwenye haraka huidhani fatha. Itazameni vizuri katika الدِّينُ.

Nakilini kila sentensi mara tatu:

السَّمَكُ فِي النَّهْرِ
Samaki yumo mtoni.

الْمَوْزُ فِي السُّوقِ
Ndizi zipo sokoni.

الرَّجُلُ عِنْدَ الْبَابِ
Mwanamume yuko mlangoni.

Fi inapokutana na al, ile i ndefu hufupishwa katika kusoma, finnahri na fissuqi, lakini ya yake hubaki kwenye maandishi.

Kazi ya nyumbani

Herufi ya li, yaani "kwa ajili ya", huidondosha alifu ya al hata katika maandishi: لِ na الرَّجُلِ huwa لِلرَّجُلِ. Bi haiidondoshi: بِالْقَلَمِ. Tangulizeni li kwenye الْبَيْتِ, الدَّرْسِ na الطَّرِيقِ, kisha bi kwenye maneno hayo hayo. Jaribuni pia li pamoja na اللَّبَنِ, mkikumbuka kwamba lamu tatu haziandikwi mfululizo: jibu ni لِلَّبَنِ. Mwisho, andikeni kwa Kiarabu majina عَبْدُ الرَّحْمٰنِ na عَبْدُ الْكَرِيمِ, na chini ya kila moja mweleze kwa sentensi moja kwa nini la kwanza husomwa Abdurrahman na la pili Abdulkarim. Daftari zitakusanywa kabla ya sala ya Magharibi.